Pesa Kutoka Ng'ambo: Jinsi ya Kumweleza Shangazi Kwamba Si Kila Shilingi Inayoingia kwa Simu Ni Mapato

Kuna swali ambalo wateja wetu wanatuuliza tena na tena, na mara nyingi hawajiulizii wenyewe. Wanamuulizia mama, mjomba au shangazi aliye nyumbani: "Kijana wake anamtumia pesa kila mwezi kutoka ng'ambo. Sasa ameambiwa na majirani kwamba KRA inaona kila kitu kwenye simu na itamkata ushuru. Amesema tusimtumie tena. Tumwambieje?"

Jibu fupi ni hili: pesa ambayo mtu wa familia anakutumia ya matumizi si mapato yako, na pesa ambayo si mapato haitozwi ushuru wa mapato. Lakini jibu fupi halimtulizi shangazi. Akiuliza "kwa nini?" inabidi uwe na maelezo. Pia kuna hali chache ambapo pesa iliyopitia njia ile ile huwa ni mapato kweli, na hapo ukimwambia "usijali" utakuwa umemponza. Kwa hivyo tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho.

Tuseme shangazi yako anaishi Machakos. Mpwa wake, ambaye ni ndugu yako, anafanya kazi Doha, nchini Qatar. Kila mwezi mpwa anamtumia shilingi 25,000 za chakula, dawa na stima. Mwaka huo akamtumia pia mara mbili pesa za ujenzi: 200,000 kisha 180,000, ili amalizie vyumba vitano kwenye ploti ya shangazi. Ukijumlisha, 25,000 mara 12 ni 300,000, na ujenzi ni 380,000. Simu ya shangazi imepokea 680,000 kwa mwaka mmoja. Ukiangalia stetimenti tu, unaweza kudhani huyu mama ana kazi nzuri mahali.

Sheria inauliza pesa ilitokana na nini

Ushuru wa mapato nchini Kenya unatokana na Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470. Kifungu cha 3 ndicho kinachosema ni nini kinatozwa. Kinataja mapato yanayotokana na vitu fulani: faida ya biashara, mshahara na malipo ya kazi, kodi ya nyumba au mali uliyomkodishia mtu, gawio la hisa, riba, pensheni, na mengine ya aina hiyo.

Ukiangalia hiyo orodha utaona jambo moja. Kila kitu kilichotajwa kina chanzo. Kuna kazi iliyofanywa, au mali iliyotumiwa na mtu mwingine, au mtaji uliozaa kitu. Pesa ambayo mpwa anampa shangazi wake kwa sababu ni shangazi wake haina chanzo kama hicho. Shangazi hakumfanyia kazi, hakumuuzia kitu, hakumkopesha kwa riba. Amepewa tu.

Kwa mzee ambaye hataki habari ya vifungu, mwambie hivi: mpwa angekuja Desemba na magunia mawili ya mahindi kwenye gari, hakuna mtu angesema shangazi amepata mapato. Angesema amesaidiwa. Sasa badala ya magunia ameleta pesa, na badala ya gari amepitisha kwa simu. Njia imebadilika, lakini msaada ni ule ule.

Hapa shangazi anaweza kukuuliza, "Na huo mshahara wa kijana wangu, si ni mapato?" Ni kweli, lakini ni mapato ya kijana. Swali la ushuru wa mshahara ule ni lake yeye. Qatar haitozi ushuru kwenye mshahara wa mtu binafsi, lakini sheria ya Kenya nayo ina jinsi yake ya kuamua nani anahesabiwa kuwa mkaazi wa hapa. Kwa mfano, aliye na makao ya kudumu Kenya na akawa nchini hata kwa siku chache katika mwaka huo anaweza kuhesabiwa mkaazi, na mkaazi huulizwa pia juu ya mshahara wa kazi aliyofanya nje. Mpwa aliye na wasiwasi juu ya hilo amuone mtaalamu wa ushuru. Ila deni hilo, likiwepo, halimfuati shangazi kwa sababu tu alitumiwa sehemu ya mshahara.

"Lakini mbona pesa imepungua?"

Hili ndilo linalowafanya wazee wengi waamini kwamba tayari wanakatwa ushuru. Mpwa amesema ametuma ya 25,000, shangazi anasoma ujumbe anakuta 24,600, na akienda kwa wakala kutoa, inapungua tena. Kuna mambo matatu hapo, na hakuna hata moja ambalo ni ushuru wa mapato.

La kwanza ni bei ya kubadilisha fedha. Mpwa analipa kwa riyal, shangazi anapokea shilingi, na kampuni ya kutuma pesa hutumia bei yake ya siku hiyo. Bei hiyo kwa kawaida iko chini kidogo ya ile anayoiona akitafuta kwenye simu. Pengo hilo ni gharama, lakini halielekei serikalini.

La pili ni ada ya huduma. Ukituma au ukitoa pesa, unalipia huduma.

La tatu ni ushuru wa bidhaa, ambao hutozwa juu ya ada. Tangu Julai 2023 ushuru huu kwa ada za kutuma pesa ni asilimia 15. Mkazo uko kwenye neno *ada*. Ikiwa ada kabla ya ushuru ni shilingi 100, ushuru ni shilingi 15. Hautozwi juu ya zile 25,000. Na bei unayoona kwenye orodha ya ada kawaida tayari ina huo ushuru ndani yake.

Walio na jamaa Amerika wamesikia jambo lingine: kwamba kuanzia 1 Januari 2026 kuna ushuru wa asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje ya nchi hiyo. Huo upo, lakini ni wa Amerika, unalipwa na anayetuma, na unamhusu anayelipia kwa pesa taslimu au hati za karatasi kama hizo mkononi. Anayetuma kutoka akaunti yake ya benki au kwa kadi ya benki ya huko haumgusi. Anayepokea Machakos hadaiwi chochote kwa sababu yake.

Pale ambapo pesa ya ng'ambo huwa mapato

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo watu huiruka. Tumesema sheria inaangalia chanzo. Hiyo inakata pande zote mbili. Kama msaada haugeuki kuwa mapato kwa sababu umepitia kwa simu, basi hata mapato hayageuki kuwa msaada kwa sababu yametumwa na jamaa.

Turudi kwa shangazi wetu. Yeye husuka viondo. Mpwa aliwaonyesha wenzake kazini picha, wakaagiza. Akakusanya pesa zao, shilingi 18,000, akaziunganisha na zile 25,000 za nyumbani, akatuma 43,000 kwa mara moja. Kwenye simu ya shangazi ni ujumbe mmoja, jina moja, kiasi kimoja. Kwa sheria ni vitu viwili: 25,000 ni msaada, na 18,000 ni mauzo ya biashara.

Kwenye yale mauzo kinachohesabiwa ni faida. Kama mkonge, rangi na ngozi ya mikanda vilimgharimu 7,000, faida ni 11,000. Tuseme kwa mwaka mzima alipata oda kama hiyo mara sita. Mauzo ni 108,000, gharama 42,000, faida 66,000. Hii anapaswa kuiandika kwenye ritani yake ya mwaka.

Je, atalipa? Kiwango cha kwanza cha ushuru wa mapato ni asilimia 10 kwa shilingi 288,000 za kwanza za mwaka. Asilimia 10 ya 66,000 ni 6,600. Lakini kila mkaazi anapewa nafuu ya kibinafsi ya shilingi 28,800 kwa mwaka, ambayo hupunguzwa kutoka kwa ushuru wenyewe. Ukitoa 28,800 kwa 6,600 hakuna kinachobaki. Kwa hivyo shangazi anatangaza biashara yake, lakini halipi kitu. Kutangaza si lazima kuwe kulipa, na hili ni vizuri mzee alisikie mapema kwa sababu wengi huficha kitu ambacho hakingewagharimu hata shilingi.

Halafu kuna vile vyumba vitano. Pesa za kujengea, 380,000, zilikuwa msaada na zinabaki msaada. Lakini mwaka uliofuata vyumba vilipata wapangaji, kila kimoja shilingi 6,000 kwa mwezi. Hiyo ni 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka. Kodi ya nyumba ni mapato, haijalishi nyumba ilijengwa kwa pesa za nani.

Kwa nyumba za kuishi watu, mkaazi ambaye kodi yake kwa mwaka ni zaidi ya 288,000 na haizidi milioni 15 hulipa asilimia 7.5 ya kodi anayokusanya, bila kutoa gharama. Kwa shangazi ni 2,250 kila mwezi, na anafaa kufaili na kulipa kwenye iTax kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Akishalipa hivyo, kodi hiyo haihesabiwi tena kwenye ushuru mwingine wa mwaka.

Kuna jambo la kuchunga hapa. Katika mfano wetu ploti ni ya shangazi. Kama ploti na nyumba ni za mpwa na shangazi anamkusanyia tu kodi, basi mapato ni ya mpwa. Na kama mpwa hahesabiwi mkaazi wa Kenya, hiyo asilimia 7.5 si yake. Kodi ya nyumba ya asiye mkaazi ina kanuni tofauti na kiwango cha juu zaidi. Msilipe kwa PIN ya shangazi ili mambo yawe rahisi. Siku moja karatasi zitaonyesha nyumba ni ya huyu na mapato ni ya yule, na nyote wawili mtaulizwa.

Kwa nini bado anaweza kuulizwa

Mtu anaweza kusema: kama msaada si mapato, basi mambo yamekwisha. Hayajaisha kabisa, na ndiyo maana kichwa cha makala hii hakikusema kwamba pesa ya ng'ambo haina ushuru kamwe.

KRA inapotaka kujua kama mtu ametangaza mapato yake yote, mojawapo ya njia zake ni kuangalia pesa zilizoingia kwenye akaunti zake na kulinganisha na ritani. Stetimenti haisemi "huyu ni mpwa". Inaonyesha tarehe, kiasi na jina la aliyetuma, na mara nyingine jina lenyewe ni la kampuni ya kutuma pesa tu. Kama kuna pengo na hakuna maelezo, wanaweza kulichukua kama mapato ambayo hayakutangazwa na kutoa makadirio ya ushuru.

Tupige hesabu tuone ni jambo la uzito gani. Wakichukua zile 680,000 zote kama mapato ya mwaka: 288,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 28,800. Shilingi 100,000 zinazofuata kwa asilimia 25 ni 25,000. Zilizobaki, 292,000, kwa asilimia 30 ni 87,600. Jumla ni 141,400. Ukitoa nafuu ya 28,800, inabaki 112,600, kabla ya faini na riba. Hizo ni pesa za matumizi ya zaidi ya miezi minne kwa mama ambaye hakupaswa kudaiwa chochote kwa zile pesa.

Na Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015, kifungu cha 56, inasema mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio si sahihi uko kwa mlipaji. KRA haina haja ya kuthibitisha kwamba ile pesa ilikuwa mshahara. Ni shangazi anayepaswa kuonyesha kwamba haikuwa. Hatashinda kwa kusema "nilisaidiwa". Atashinda kwa karatasi.

Karatasi zenyewe ni chache

Hakuna fomu maalum ya kujaza kila unapopokea pesa kutoka kwa jamaa. Kinachotakikana ni kwamba baada ya miaka mitatu, mtu asiyeijua familia yenu aweze kusoma na kuelewa. Sheria hiyo hiyo inataka kumbukumbu za ushuru zihifadhiwe kwa miaka mitano, kwa hivyo tumia muda huo huo.

Cha kwanza ni uhusiano. Vyeti vya kuzaliwa vinavyoonyesha mpwa ni mtoto wa ndugu yake shangazi, au barua fupi iliyotiwa sahihi na mpwa ikisema yeye ni nani, anafanya kazi gani na anamsaidia nani. Barua hiyo iandikwe leo, isingojee siku ya kuulizwa.

Cha pili ni risiti za upande wa mpwa. Kampuni za kutuma pesa humpa anayetuma risiti yenye jina lake, jina la anayepokea, tarehe na kiasi. Azihifadhi na amtumie shangazi, au wewe unayemsaidia, mara moja kwa mwaka. Risiti hii ndiyo inayoziba lile tatizo la jina la kampuni kuonekana badala ya jina la mtu. Panapo nafasi ya kuandika sababu ya kutuma, aandike ukweli: "matumizi ya nyumbani", "ujenzi", "viondo". Asiandike "mshahara" kwa utani. Kuna vijana hufanya hivyo, na hilo neno likishaingia kwenye kumbukumbu ni kazi kulieleza.

Cha tatu ni stetimenti ya simu ya shangazi. Usitegemee ujumbe mfupi, kwa sababu simu hupotea na ujumbe hufutwa. Omba stetimenti ya mwaka mzima kila Januari, uiweke mahali.

Cha nne ni kutenganisha. Mpwa akituma 25,000 za nyumbani na 18,000 za viondo, atume mara mbili. Atalipa ada mara mbili, ni kweli, lakini kila pesa itakuwa na maelezo yake. Na kama rafiki wa mpwa anataka kumpitishia mama yake pesa kwa simu ya shangazi, mwambieni amtumie mama yake moja kwa moja. Pesa za watu usiowajua vizuri zikipitia kwenye laini yako ni ngumu sana kueleza, na si kwa KRA peke yake.

Kama barua imefika tayari

Kwanza soma kama ni maswali au ni makadirio. Kama ni maswali, jibu kwa maandishi ukitumia hizo karatasi, na kama shangazi ana kodi ya nyumba au biashara ambayo hakutangaza, aiseme hapo hapo. Kukubali 2,250 za kila mwezi zilizo za kweli kunafanya maelezo ya zile 680,000 yaaminike.

Kama ni makadirio, angalia tarehe. Mtu ana siku 30 tangu apewe notisi kuwasilisha pingamizi, na lazima liwe la maandishi, liseme ni kiasi gani unapinga na kwa nini, na liambatane na stakabadhi. Wazee wengi hupoteza kesi nzuri kwa kuificha barua kabatini. Pingamizi likikataliwa, kuna siku nyingine 30 za kwenda kwenye Mahakama ya Rufaa za Ushuru.

Na hata kama hakuna barua, shangazi aliye na PIN afaili ritani kabla ya 30 Juni kila mwaka. Kama alichopokea mwaka mzima ni msaada tu na hana mapato mengine, atafaili ritani ya sufuri, na huo ndio ukweli. Akikosa kufaili anaweza kutozwa faini ya angalau shilingi 2,000 hata kama hakudaiwa ushuru wowote. Lakini akiwa na wapangaji au anauza viondo, ritani ya sufuri itakuwa uongo, na ni uongo ambao stetimenti yake mwenyewe itaufichua.

Kwa hivyo ukimpigia shangazi simu jioni, usimwambie "usijali". Mwambie: "Shangazi, hiyo pesa ya kijana ni msaada na hakuna anayekukata ushuru kwa kusaidiwa. Ya viondo tutaiandika kando. Ya wapangaji tutailipia kila mwezi. Na risiti zote niwekee, mimi nitazipanga."